Mahojiano kuhusu makosa ya dawa wodini

"Dada muuguzi, nasoma uzamili na natafiti makosa ya kutoa dawa wodini. Naomba saa moja nikuhoji."

Mdogo wangu, kwa hilo niwie radhi. Kila kosa ninalolikumbuka lina mgonjwa ndani yake, na hata nikificha jina, umri na ugonjwa vinatosha kumtambulisha. Tena mwajiri wangu hataki tuhojiwe kabla ya mtafiti kuonyesha kibali cha kamati ya maadili, nawe hujakitaja.

Isitoshe, kumbukumbu zangu ni data mbovu: nakumbuka yaliyotisha, si dozi iliyochelewa saa mbili. Anzia PubMed, hazina ya mtandaoni ya makala za utafiti wa tiba, utafute hivi:

```
"medication errors" AND nurses AND observation
```

Chagua tafiti ambazo mtafiti alisimama wodini akilinganisha kila dozi na maagizo ya daktari. Hizo hunasa mengi kuliko ripoti za matukio, maana ripoti hubeba yale tu ambayo mtu ameyagundua na kuthubutu kuyaandika. Kwa hiyo ukikuta wodi yenye ripoti chache, usiandike kuwa ni salama. Huenda watu wanaogopa. Soma pia nyaraka za kampeni ya Shirika la Afya Duniani ya 2017 kuhusu dawa bila madhara.

Ukipata kibali, mwandikie mkuu wa wauguzi, si mimi.