Amazon dukani, Visa kwenye fedha: kwa nini sekta rasmi ya kampuni huenda isiwe ile unayoidhania

Jedwali la kwanza la sekta nililokabidhi kazini lilionyesha kwamba kampuni za fedha za Marekani zilianza kubakiza faida kubwa zaidi kwa kila dola ya mapato mwanzoni mwa 2023. Mkuu wangu wa kitengo alilisoma, akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza: "Mdogo wangu, Silicon Valley Bank imefungwa tarehe 10 Machi mwaka huohuo, na wewe unaniambia sekta imenawiri. Imenawiri kwa lipi?"

Sikuwa na jibu. Nililipata baada ya siku mbili za kupekua majina ya kampuni mstari kwa mstari. Mabenki hayakuwa yamefanya lolote la ajabu. Kilichotokea ni kwamba orodha ya wanachama wa sekta ilibadilika baada ya soko kufungwa tarehe 17 Machi 2023. Visa, Mastercard na PayPal, ambazo hadi siku hiyo zilihesabiwa kuwa kampuni za teknolojia ya habari, zilihamishiwa kwenye fedha. Visa peke yake, katika mwaka wake wa hesabu wa 2023, ilipata mapato ya karibu dola bilioni 32.7 na kubakiza takriban senti 64 za faida ya uendeshaji kwa kila dola. Ukiitia kampuni ya namna hiyo katikati ya mabenki, wastani lazima upande.

Kama ndiyo kwanza unaanza kazi ya kuchambua kampuni, jambo hili litakukuta mapema, kwa hiyo nitalieleza jinsi ambavyo ningependa nielezwe mimi.

Mpangilio wa sekta unaotumiwa zaidi na mifuko ya uwekezaji na watengenezaji wa fahirisi unaitwa GICS. Ulianzishwa mwaka 1999 na kampuni mbili, MSCI na S&P, na hadi leo wao ndio wanaoutunza. Si sheria ya serikali. Una sekta 11 juu kabisa, kila sekta ina makundi, kila kundi lina tasnia, na kila tasnia ina vijitasnia. Kampuni hupewa nafasi moja tu, chini kabisa, kwa namba ya tarakimu nane. Tarakimu mbili za mwanzo ndizo zinazotaja sekta. Namba ya Amazon ni 25503030, na hiyo 25 ndiyo sekta ya bidhaa na huduma za hiari, yaani vitu ambavyo watu huacha kununua kwanza hali inapokuwa ngumu. Namba ya Visa ni 40201060, na 40 ni fedha.

Swali linaloamua nafasi ni moja: mapato ya kampuni yanatokana na kumuuzia mteja nini? Haiulizwi kampuni imeajiri wahandisi wangapi, wala imeandika programu kiasi gani, wala inajiitaje. Visa, katika ripoti yake ya mwaka, hujieleza kuwa kampuni ya teknolojia ya malipo. Maelezo hayo ni ya kweli, ila hayaamui nafasi. Siku hizi karibu kila biashara kubwa inaendeshwa kwa programu. Kama kutumia teknolojia kungetosha kukuingiza kwenye sekta ya teknolojia, sekta nyingine zote zingebaki tupu.

Kanuni yenyewe iko hivi. Kama shughuli moja inaleta asilimia 60 au zaidi ya mapato, kampuni inakwenda kwenye kijitasnia cha shughuli hiyo. Kama hakuna inayofika 60, ndipo wanatafuta shughuli inayoleta sehemu kubwa ya mapato na ya faida pia, zote mbili kwa pamoja. Hiyo nayo ikikosekana, wanafanya utafiti wa kina zaidi kuhusu kampuni hiyo. Shika mpangilio huo wa hatua, maana wengi wetu tunaanza kwa kuitazama faida, na hapo ndipo tunapopotea kwa Amazon.

Chukua ripoti yake ya mwaka 2023, fomu ya 10-K. Mapato yote yalikuwa dola bilioni 574.8. AWS, tawi la kukodisha uwezo wa kompyuta kupitia mtandao, lilileta bilioni 90.8, ambazo ni kama asilimia 16 tu. Lakini faida ya uendeshaji ya kampuni nzima ilikuwa bilioni 36.9, na AWS ilitoa bilioni 24.6 kati ya hizo. Theluthi mbili ya faida! Ukiishia hapo utaapa kwamba Amazon ni kampuni ya teknolojia yenye duka pembeni, na utashangaa wanaoipanga wanafikiria nini.

Sasa rudi kwenye hatua ya kwanza ya kanuni. Mauzo ya mtandaoni yalikuwa bilioni 231.9, maduka ya kawaida bilioni 20.0. Jumla bilioni 251.9, kama asilimia 44. Bado hazijafika 60. Kuna mstari mwingine wa bilioni 140.1: ada ambazo wauzaji wengine huilipa Amazon ili wauze kwenye tovuti yake, wahifadhiwe mizigo na wapelekewe kwa wateja. Je, hiyo ni rejareja au ni huduma? Maelezo ya kijitasnia cha Amazon, ambacho kwenye skrini utakiona kwa jina la Broadline Retail, yanataja wazi masoko ya mtandaoni pamoja na maduka. Kwa hiyo bilioni hizo zinaingia. Jumla inakuwa 392.0, yaani asilimia 68, na mlango umefungwa. Faida ya AWS haifikiwi hata kuulizwa, kwa sababu hatua ya pili huja tu pale ya kwanza inaposhindwa.

Hesabu hiyo nimeifanya mimi kutoka kwenye ripoti. Wapangaji hawachapishi zao kwa kila kampuni. Lakini inaonyesha uamuzi mzima umeegemea wapi. Umeegemea kwenye ule mstari wa ada za wauzaji. Ungehesabiwa kuwa huduma za teknolojia, rejareja ingebaki asilimia 44 na mjadala wa faida ungefunguliwa. Ndiyo maana, unapokutana na kampuni ya aina hii, nenda kwanza kwenye jedwali la mapato kwa aina, tafuta mstari mmoja unaobishaniwa, kisha soma maelezo ya kijitasnia uone unaangukia upande gani. Si mara ya kwanza mstari huo kuleta mabadiliko: mwaka 2018 eBay, ambayo yenyewe ni soko la wauzaji wengine, ilitolewa kwenye teknolojia ya habari ikapelekwa kwenye rejareja kwa sababu maelezo ya rejareja ya mtandaoni yalipanuliwa. eBay iliendelea kufanya kazi ileile. Mpaka ndio uliosogea.

Kwa Visa, mpaka nao ulisogea, ila kwa njia nyingine. Kabla ya 2023 kulikuwa na kijitasnia cha uchakataji wa data na huduma zinazotolewa kwa niaba ya kampuni nyingine, ndani ya teknolojia ya habari. Humo walikaa pamoja wanaopitisha malipo ya kadi, kama Visa, na wanaoandaa mishahara ya wafanyakazi wa kampuni nyingine, kama ADP na Paychex. Kilichowaunganisha ni mashine: wote walichakata data. Mwaka 2023 wapangaji waliacha kuitazama mashine, wakatazama kile mteja anachonunua. Aliyenunua kupitishiwa malipo alikuwa ananunua huduma ya fedha, kwa hiyo Visa ikaenda fedha. Aliyenunua kuandaliwa mishahara alikuwa ananunua huduma ya ajira, kwa hiyo ADP na Paychex wakaenda viwanda, ambako huduma kwa biashara huwekwa.

Mimi naona uamuzi huo ulikuwa sahihi, lakini una mtego ambao lazima uujue. Visa sasa ni jirani wa mabenki, na Visa si benki. Haipokei amana za watu. Haimkopeshi mwenye kadi. Benki iliyotoa kadi ndiyo inayomkopesha, na mteja asipolipa, hasara ni ya benki hiyo. Visa inapata ada kutokana na miamala na thamani ya malipo yanayopita kwenye mtandao wake. Kwa hiyo vipimo vyetu vya kawaida vya benki, kama pengo kati ya riba inayopokelewa na inayolipwa, au uwiano wa mikopo mibovu, havina cha kupima kwake. Nimeona rasimu ya mwenzangu ambapo Visa iliachwa nafasi tupu kwenye safu ya mikopo mibovu, na msomaji akadhani imefaulu kuliko wote. Ukiiona safu tupu namna hiyo, ujue umelinganisha vitu viwili visivyofanana. Mlinganishe Visa na Mastercard kwanza.

Jambo la mwisho linalowachanganya wageni ni kukuta sekta tofauti kwa kampuni ileile. Ukiitafuta Amazon kwenye EDGAR, hifadhi ya ripoti za kampuni ya mamlaka ya masoko ya mitaji ya Marekani, utaona hivi:

```
SIC: 5961 Retail-Catalog & Mail-Order Houses
```

Ni mauzo kwa katalogi na kwa posta. SIC ni mpangilio wa serikali ya Marekani ulioanza miaka ya 1930, kabla ya mtandao kuwazwa. Visa humo ina namba 7389, huduma za biashara ambazo hazikutajwa kwingine. Hakuna aliyekosea, kila mpangilio una maswali yake na umri wake. Kosa ni la mchambuzi anayeandika "sekta" bila kusema ni ya mpangilio gani na wa tarehe gani. Siku hizi ninaandika vyote viwili kwenye kichwa cha safu yenyewe, kwa sababu tanbihi hupotea jedwali linaponakiliwa.

Lile jedwali langu nililirekebisha kwa kuchukua orodha ya wanachama ya baada ya 17 Machi 2023 na kuitumia kwa miaka yote mitano, ili Visa na wenzake wawe ndani ya fedha tangu mwaka wa kwanza. Ningeweza pia kufanya kinyume chake, kuwaacha nje kwa miaka yote. Kilichokatazwa ni kuchanganya. Mstari wa sekta ukawa juu zaidi kwa miaka yote, na ule mruko wa mwanzoni mwa 2023 haukuwepo tena. Mkuu wangu alihesabu kampuni katika safu ya kila mwaka, moja baada ya nyingine, kabla hajaangalia asilimia hata moja.