Kuhusu yule fundi aliyenifukuza

"Shikamoo mama. Nataka kumchukua binti aje kujifunza kushona hapa kwangu. Bibi kanambia wewe ulifukuzwa na fundi bila kupewa hata mia. Ilikuwaje? Na mimi huyu nimlipe au nisimlipe?"

Marahaba mwanangu. Bibi yako nae hana siri, ila ni kweli. Ilikuwa Septemba 2008, we una miaka 5, tuko Morogoro. Bibi akauza mpunga akanilipia ada elfu 60 kwa miezi sita, tena kwa mdomo tu, hakuna karatasi wala shahidi. Fundi akasema miezi ya mwanzo nitashona, mwezi wa mwisho ndo ananifundisha kukata.

Nikaanza kama wote wanavyoanza, kufagia, kupiga pasi, kutia vifungo, kukunja pindo, mpaka Novemba nikawa nanyoosha mshono vizuri kabisa. Mkasi na chaki hakuniachia hata siku moja, vitambaa alikuwa anakata usiku sisi tushaondoka, asubuhi tunakuta vipande vimefungwa mafungu mafungu. Mimi nikadhani ndo utaratibu, kumbe hapo ndo pa kushtukia maana kushona anashona yeyote akizoea, anayekupima akakukatia nguo ikakaa ndo fundi.

Desemba ukaingia msimu wa sare za shule. Si unajua Januari ilivyo, wazazi wamepanga foleni dukani, sketi za marinda tu mpaka unaota marinda. Akasema kila sketi nitakayoimaliza atanipa 500. Nilikuwa na kadaftari naandika kila jioni tarehe, idadi na oda ya shule gani, zikafika 143. Piga hesabu, 71,500. Tarehe 2 Februari nafika asubuhi kazi zimepungua, cherehani yangu imefunikwa kitambaa, ananiambia mafunzo yameishia hapo sina kipaji. Nikamuuliza hela yangu, akajibu mwanafunzi halipwi na nishukuru hajanidai sindano nilizovunja. Sindano jamani! Baadae nikagundua mwaka uliotangulia kuna msichana mwingine aliingia Septemba akatolewa Februari kama mimi.

Sasa kosa langu lilikuwa hili. Nilienda serikali ya mtaa, mwenyekiti akamwita mara tatu akaja mara moja, akaahidi, akapotea. Nikasubiri wee mpaka katikati ya Mei ndo mtu ananiambia nenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile CMA. Pale nikaambiwa dai la mshahara linapelekwa ndani ya siku 60, za kwangu zilishaisha, ningetaka niombe kuongezewa muda na nieleze kila siku niliyochelewa. Kuhusu kufukuzwa kwenyewe ni siku 30 tu, na hata ningewahi nisingepata maana sheria ya ajira ya 2004 hailindi kwenye hilo mtu ambae hajafikisha miezi 6, mimi nilikuwa na mitano. Unaona alivyopiga mahesabu? Au ilitokea tu, sijui. Nauli zilishaniishia nikaacha.

Kukata nikajifundisha mwenyewe. Nilinunua blauzi ya mtumba iliyokuwa inanikaa, nikaifumua mshono mmoja mmoja na wembe, vipande nikavipiga pasi nikavilaza juu ya gazeti nikachora. Ndo nikaona kumbe mbele na nyuma ni robo robo ya kifua na nafasi ya mshono, kifua 36 ni 9 unaongeza kidogo, na tundu la mkono la mbele linachimbwa zaidi kuliko la nyuma. Kitu cha siku moja kuelezwa, nilikisubiri miezi mitano.

Kwa hiyo huyo binti. Wakati anajifunzia vitambaa vyake au vya kuchezea huna deni nae, lakini siku anayoshona oda ya mteja, kwa cherehani yako na masaa unayompangia wewe, sheria inamhesabu mfanyakazi mpaka uthibitishe si hivyo, na kumuita mwanafunzi peke yake hakukusaidii. Na kama hamna maandishi wewe mwenye duka ndo unabanwa kuthibitisha mlikubaliana nini. Andikeni karatasi mbili, tarehe ya kuanza, ada kama ipo, lini anaanza kukata, na oda ya mteja utamlipa shilingi ngapi kwa kipande. Kila mmoja abaki na yake. Awe na daftari na wewe usaini kila Jumamosi, itakusaidia hata wewe siku akidai sketi ambazo hajashona, maana wapo na hao.

Na mkasi mpe wiki ya kwanza, akate magazeti. Akiharibu utawashia mkaa.