Sigma sita, sawa. "Maboresho endelevu", hapana

*Kiwandani kwetu tunajaza mafuta ya kula kwenye chupa za lita moja. Mwaka huu uongozi umezindua kampeni ya ubora, na ubaoni pameandikwa: "Maboresho Endelevu: Benchimaki, Kaizeni, Siksi Sigma". Mabosi wametembelea kiwanda kingine, kila zamu imeunda kikundi chake, na ameletwa mtaalamu anayepima chupa kutwa nzima. Mwenzangu anasema hayo ni majina matatu ya kitu kimoja, na Kiswahili sanifu chake ni maboresho endelevu, basi. Ni kweli? Na tuseme siksi sigma au sigma sita?*
Msomaji, Morogoro

Tumalize kwanza lililo jepesi. Kwa Kiswahili idadi hufuata jina la kitu, na sita haibadiliki katika ngeli yoyote, kwa hiyo hata aliyetoroka vipindi vya upatanisho hawezi kukosea hapa. Semeni sigma sita. Siksi waachieni makondakta.

Sasa mwenzako. Sina ugomvi naye, ila nina ugomvi wa siku nyingi na hilo neno lake. Boresha limetokana na bora, limeundwa vizuri, na maboresho ni mtoto wake halali. Tatizo ni kazi alizopewa huyo mtoto. Ukikuta dirisha la benki limefungwa, mfumo uko kwenye maboresho. Maji yakikatika siku tatu, tunaombwa radhi kwa usumbufu, kuna maboresho. Barabara ikichimbwa na kuachwa hivyo hadi masika, maboresho. Neno hili limekuwa kama kanga ya dharura: linafunika chochote kilichopo chini yake, na anayepita hatakiwi kuuliza. Linaloniudhi zaidi ni kwamba halina mtu ndani yake. Maboresho "yanafanyika". Nani anayafanya, alipima nini, na alilinganisha na nini, havisemwi.

Na hayo ndiyo maswali yanayotenganisha maneno yenu matatu. Mwenzako akisema maboresho endelevu, maswali yote yanazama kwa pamoja.

Chukua ziara ya mabosi. Benchimaki ni neno la wapima ardhi: alama iliyochongwa kwenye jiwe, ambayo kimo cha mahali pengine hupimwa kwa kuirejea. Viwandani lilipata umaarufu kwa kampuni ya Xerox ya Marekani, ambayo mwaka 1979 ilianza kujipima na Wajapani baada ya kugundua kwamba wanauza mashine za kunakili kwa bei iliyokaribia gharama yake yenyewe ya kuzitengeneza. Baadaye, ilipotaka kurekebisha maghala yake, haikwenda kwa mshindani yeyote. Ilikwenda kwa L.L. Bean, wauza nguo na viatu kwa barua, kwa sababu nao walikuwa wakiokota kwa mikono vitu vya maumbo yasiyofanana, sawa na vipuri vya Xerox. Yaani walitafuta aliye hodari katika kazi ile, hata kama biashara yake ni nyingine.

Kwa hiyo kutembelea tu si benchimaki. Mabosi wenu wakirudi na picha ya pamoja, fulana na taarifa kwamba "wenzetu wako mbali", wametalii. Wakirudi wakisema wenzao hubadilisha mtambo kutoka chupa ya lita moja kwenda ya nusu lita kwa dakika 25 na ninyi mnatumia 40, hapo kuna cha kuzungumza, lakini waulizeni saa ilianza kuhesabiwa lini. Viwanda vingi huhesabu tangu mtambo unapozimwa hadi unapowashwa tena. Wanaojua kazi huhesabu tangu chupa nzuri ya mwisho ya aina ya kwanza hadi chupa nzuri ya kwanza ya aina ya pili, kwa sababu mtambo ukishawashwa hutema chupa mbovu kadhaa kabla haujatulia. Mkihesabu kwa njia mbili tofauti, ile tofauti ya dakika 15 inaweza kuwa ya saa za ukutani tu. Mimi ningeiita kujipima na kinara. Ni ndefu kidogo, lakini ina mtu ndani yake, na inakulazimisha umtaje huyo kinara.

Kikundi cha zamu ni habari nyingine kabisa. Kaizeni ni Kijapani, kai ni badiliko na zen ni jema. Hapa hamjipimi na jirani, mnajipima na jana yenu, na anayebadilisha ni yule yule anayeifanya kazi. Tuseme chupa zinaanguka kwenye kona ya mkanda kabla ya kufika penye vizibo. Mama anayesimama hapo zamu nzima anajua kuwa zinaanguka zaidi pale nafasi ya pembeni inapolegea. Anafunga kipande cha ubao kuziongoza, zinasimama, na fundi anakuja kuweka cha chuma mahali pake. Hiyo ni kaizeni. Haikuhitaji bajeti wala semina.

Lakini haijaisha hapo, na wengi huachia hapo. Badiliko hilo lisipoandikwa kwenye karatasi ya kazi inayobandikwa penye mtambo, pamoja na kipimo cha nafasi ile, zamu ya usiku italegeza tena kwa sababu ndivyo walivyozoea, na Jumatatu chupa zitaanguka kama kawaida. Ukitaka kujua kama kaizeni yenu ni ya kweli, usihesabu mawazo yaliyotumbukizwa kwenye sanduku la maoni. Tazama ni karatasi ngapi za kazi zimebadilishwa.

Hapo ndipo neno endelevu linaponitibua nyongo. Kilimo endelevu ni kile kisichochosha ardhi, uvuvi endelevu ni ule usiomaliza samaki. Sifa ya kaizeni ni kwamba haikomi, leo kona ya mkanda, kesho gundi ya lebo. Kitu kisichokoma na kitu kisichochosha chanzo chake ni vitu viwili, na waliowahi kukaa kwenye vikao vya kaizeni baada ya zamu ya usiku watakwambia kwamba kinaweza kisikome na bado kikachosha sana.

Kwa kaizeni sitafuti tafsiri. Neno limeshaingia, na hatua zake za mwanzo tulishazipa Kiswahili kizuri: sasambua, seti, safisha, sanifisha, shikilia. Zimeenea hapa nchini kupitia hospitali, tangu mpango huo ulipoanzia Mbeya mwaka 2007 kwa msaada wa Wajapani. Sasambua ina wapenzi wake wa ngomani pia, najua, lakini maana ya kuvua na kuacha kinachotakiwa tu inafaa kabisa kwa kabati la vipuri lisilofunguliwa tangu mtambo uliponunuliwa.

Tumebaki na mtaalamu wenu na mizani yake. Sigma sita ilizaliwa Motorola mwaka 1986 kwa kazi ya mhandisi Bill Smith. Sigma ni herufi ya Kigiriki inayotumiwa na watakwimu kutaja ukubwa wa mtawanyiko, yaani jinsi vipimo vinavyosambaa kuzunguka wastani. Tuseme mmeruhusiwa mililita 990 hadi 1010 kwa chupa. Wastani wenu ni 1000 barabara, na meneja anafurahi. Lakini kama sigma ni mililita 5, kutoka katikati hadi mpakani zinaenea sigma mbili tu, na katika kila chupa 1000 takriban 45 zitakuwa nje ya mipaka, nusu pungufu, nusu zimezidi. Mteja hanunui wastani. Ananunua chupa moja.

Viwanda vingi hutibu hili kwa kupandisha wastani. Mkijaza 1010, pungufu karibu zinatoweka, malalamiko yanaisha, na bango la maboresho linapanda ukutani. Kumbe kwa kila chupa 10,000 mmetoa bure lita 100 za mafuta, na mtawanyiko uko pale pale. Sigma sita inakataa njia hiyo. Inataka sigma ipungue hadi karibu mililita 1.7, ili kati ya wastani na kila mpaka zienee sigma sita. Ile hesabu maarufu ya kasoro 3.4 katika milioni inaachia pia nafasi ya wastani wa mtambo kuhama polepole kwa sigma moja na nusu, maana mitambo huhama.

Mtawanyiko haupunguzwi kwa kuhimizana kwenye kikao cha asubuhi, unatafutiwa chanzo. Mtambo wenye midomo minane ya kujazia ni mitambo minane iliyosimama pamoja: huenda saba ni sawa na wa nne unavuja baada ya kufunga. Mwangalieni mtaalamu anavyookota chupa. Akichukua kila chupa ya nane kutoka kwenye mkanda, anapima mdomo ule ule kutwa nzima. Ukiwa ni wa pili, ataripoti kwamba mambo ni shwari huku wa nne ukimchezea. Achukue chupa nane zinazofuatana, aandike namba ya mdomo kwenye kila chupa, apime uzito, na achore kila mdomo peke yake. Mafuta ya kula yana uzito wa gramu 920 hivi kwa lita, kwa hiyo mililita kumi ni kama gramu tisa, na mizani isiyoona gramu moja ibaki jikoni.

Kwa mfano wenu, sigma sita haiwezi kuona ile kona ya mkanda, wala haina haja nayo. Kipande cha ubao hakihitaji takwimu. Na kikundi cha zamu, hata kikikaa hadi alfajiri, hakitaona kwa macho tofauti ya gramu tano kati ya mdomo wa tatu na wa nne. Ziara ya mabosi nayo itawaambia kwamba kuna mwenye hasara ndogo kuliko ninyi, lakini haitawaambia mdomo upi unavuja. Mwenzako akiyaita yote maboresho endelevu, atampeleka mtakwimu kwenye ubao na mama wa vizibo kwenye mizani, kisha atashangaa kampeni imekwama.

Ubaoni andikeni: kujipima na kinara, kaizeni, sigma sita. Chini ya kila moja liwepo jina la mtu na kitu anachopima. Uongozi ukishikilia benchimaki, nitavumilia, maana neno lina jiwe lake na historia yake. Anayetaka kaizeni bila irabu ya mwisho aandike apendavyo, sitamfuata hadi Morogoro. Ila hilo neno la juu, lililoandikwa kwa herufi kubwa, lifuteni kwa kitambaa kilicholowa, kwa sababu wino wa aina ile huacha kivuli.