Jina la Mgahawa Lipimwe Kwanza Kwenye Bango

Mgahawa wangu wa kwanza niliuita "Mapishi Bora ya Familia", na kwa kuwa kila aliyelisikia jina hilo alilisifu, sikuona haja ya kulitazama likiwa mahali pake, yaani juu ya mlango, kwa macho ya mtu aliye ng'ambo ya barabara.

Mafundi wa mabango hukadiria kwamba kila mita 3 za umbali huhitaji herufi yenye kimo cha sentimita 2.5 ili isomeke bila mtu kukodoa macho. Kituo cha basi kilikuwa mita 35 kutoka mlangoni, kwa hiyo nilihitaji herufi za sentimita 29 hivi. Bango langu lilikuwa na upana wa mita 3, na baada ya kuacha sentimita 30 tupu kila upande, zilibaki 240 za kugawiwa herufi na nafasi 23, takriban 10 kwa kila moja. Upana wa herufi nene ya kawaida ni kama theluthi mbili ya kimo chake, hivyo herufi zangu hazikuweza kuzidi sentimita 16, na bango likawa linasomeka vizuri hadi mita 19 tu. Waliokuwa kituoni, ambao ndio niliowalenga, waliona mstari wa rangi.

Nilibadilisha jina likawa "Kivulini". Herufi zake 8, hata zikiwa na kimo cha sentimita 30, huchukua sentimita 160 hivi, na chini yake panabaki nafasi ya kuandika neno "Mgahawa" kwa udogo. Kabla ya kulisajili nililitaja kwa simu kwa watu watano, nikawaomba waliandike. Jina ambalo watu huliandika kwa namna tatu tofauti litawasumbua pia wanaolitafuta mtandaoni.

Kuhusu rangi, nilikosea pia. Maandishi mekundu juu ya kahawia yalipendeza yakiwa karibu, lakini picha ya bango nilipoigeuza kuwa nyeusi na nyeupe, maandishi yalizama kabisa, maana rangi zote mbili zilikuwa na giza lilelile. Isitoshe, rangi nyekundu nyingi za bei nafuu hupauka upesi juani. Sasa natumia maandishi ya rangi ya maziwa juu ya kijani kibichi kilichoiva.

Kijani hicho nilikichagua kwenye skrini, nacho kilipochapwa kwenye menyu kikatoka kimefifia, kwa sababu skrini hutoa mwanga ilhali wino huufyonza. Tangu hapo kila kazi mpya naianza kwa kipande cha majaribio kilichochapwa, nakikagua nje mchana na ndani usiku chini ya taa, kisha nakihifadhi pamoja na namba ya rangi, #1F4D3A. Mchapaji wa menyu, fundi wa bango na mshonaji wa aproni wote hupewa kipande hichohicho wakilinganishe, kwani neno "kijani" pekee liliwahi kuniletea aproni za rangi ya ndimu.