Funding Rate peke yake haitoshi

"Funding Rate ya BTC imefika 0.05%. Niingie shoti?"

Subiri kwanza, ndugu. Namba hiyo inaonyesha kwamba wenye longi wanawalipa wenye shoti, haionyeshi mikataba iliyo wazi ni mingi kiasi gani. Fungua Open Interest, uisome kwa BTC badala ya dola, maana bei ikipanda tu, ile ya dola huvimba bila mkataba mpya hata mmoja.

BTC zikiongezeka huku bei imeganda, longi zimebanana. Kwa malipo ya kila saa 8, aliyeingia na mkopo wa mara 20 anatoa 3% ya dhamana yake kwa siku. Zikipungua, watu wameshaanza kutoka, na shoti yako imechelewa. Ila msongamano huweza kudumu siku nyingi. Mimi husubiri bei ianze kushuka ndipo niingie.