Skrinishoti ya ritani iliyonikumbusha hela yangu iliyopotea

Juni 29, saa nne usiku, mdogo wangu mmoja wa Nkuhungu anayepima maeneo ya kuchimba visima huku Dodoma vijijini akanitupia skrinishoti Wasapu, "dada naomba uichungulie hii ritani ya kodi ya 2024 kabla sijaituma, mwisho kesho." Nilikuwa nimeshajifunika shuka. Nikaamka, maana hayo makosa nayajua kwa maumivu.

Miaka kadhaa nyuma mimi mwenyewe nililipa mtu anijazie, akaniambia "tulia dada, imeisha hiyo," nikatulia kweli. Baadaye nakuja kugundua vyeti vyangu vyote vya kodi ya zuio, ile wateja wanayokata kabla ya kukulipa, vimelala kwenye faili, hakuna hata kimoja kilichoingizwa panapotakiwa, na nilipompigia simu ikawa haipokelewi. Mpaka leo nikipita karibu na kibanda chake moyo unachemka, lakini basi.

Turudi kwa kijana. Mapato ameandika milioni 24. Matumizi kuna pango la ofisi 2,400,000, usafiri na bando 1,080,000, kuprinti ripoti 1,400,000, laptopu 2,400,000, halafu mstari wa mwisho "kodi ya zuio 1,200,000". Jumla 8,480,000. Nikashuka chini kwenye hesabu ya kodi, pale pa kuingiza kodi iliyokwisha kukatwa, peupe kabisa, hata sifuri hakuna. Hapo ndo nikakaa kitako.

Jamani, kodi ya zuio sio matumizi. Mteja anapokukata asilimia 5 ya ada yako anaipeleka TRA kwa jina lako, ni kodi yako wewe umeshailipa nusu njia, kwa hiyo inatolewa kwenye KODI, sio kwenye mapato. Kwa huyu kijana faida yake inavuka milioni 12 kwa mwaka, na kila shilingi ya juu ya hapo inakatwa asilimia 30, maana yake akiiweka 1,200,000 kwenye matumizi inampunguzia kodi 360,000 tu, akiiweka mahali pake inampunguzia yote 1,200,000. Hiyo 840,000 ya katikati anaigawa bure.

Nikamwambia ajumlishe vyeti vyake vyote, agawanye kwa 0.05. Ikaja milioni 24, safi, ina maana mapato ameandika kabla ya makato. Ingekuja tofauti ningejua ameandika hela iliyoingia benki, 22,800,000, na hilo ni kosa lingine ambalo wengi mnalifanya, mnadai kodi iliyokatwa wakati mapato yaliyokatwa kodi hiyo hamjayaonyesha yote. (Ila kama una wateja wasiokata, hesabu hii haifungi, usije ukanilaumu.)

Kitu cha pili, nikamwomba picha ya hesabu zake za mwaka. Kule matumizi yanasoma 9,200,000, kwenye fomu 8,480,000. Tofauti 720,000. Mimi nikiona tofauti kitu cha kwanza nagawanya kwa 9, ikigawanyika bila baki basi mara nyingi kuna tarakimu mbili zimepishana. Ikagawanyika. Nikamwambia angalia usafiri, na kweli, risiti zake zinasema 1,800,000, yeye kaandika 1,080,000. Fomu inajumlisha vizuri tu ulichoiandikia, haijui kama umekosea.

Laptopu nayo haikatwi yote mwaka mmoja, ni mali, inaingia kwenye uchakavu wa asilimia 37.5, kwa hiyo mwaka wa kwanza ni 900,000, iliyobaki inaendelea miaka ijayo. Alinuna kidogo hapo, nikamwambia unune tu.

Tukapanga upya. Matumizi 6,500,000, faida 17,500,000, kodi 3,186,000, toa ya zuio, inabaki 1,986,000. Ile fomu ya kwanza ilikuwa inamdai 2,592,000. Laki sita na elfu sita, ndugu zangu, hapo bado hatujatoa kodi aliyolipa kwa awamu ndani ya mwaka, na nyie mnasema mnabanwa na kodi wakati hata kushuka chini ya ukurasa hamshuki!

Na mkinitumia skrinishoti tumeni ukurasa mzima, picha iliyokatwa katikati siwezi kujua kama boksi ni tupu au halijaonekana tu, na zibeni namba ya TIN kabla ya kuirusha kwenye magrupu. Huyu kijana aliituma saa sita kasoro, akanitumia picha ya uthibitisho, nikaikuza nikaangalia lile boksi la kodi ya zuio kwanza. 1,200,000. Nikazima taa.