Sarafu ziko masoko mawili na pochi moja: mtaji wako unausomaje?

Ukiwa na kripto kwenye masoko mawili na pochi moja ya simu, kila programu itakuonyesha faida yake, na mara nyingi hakuna hata moja inayolingana na mfuko wako. Soko linajua yale uliyoyafanya ndani yake tu. Sarafu zilizotoka nje linaziona zimefika bila historia, kwa hiyo huzihesabia bei ya siku zilipoingia au huziacha bila gharama yoyote. Bei halisi uliyonunulia imebaki kule zilikotoka.

Natunza vitabu vya biashara ndogo hapa Arusha, na siku hizi baadhi ya wateja wananiletea pia kumbukumbu zao za kripto. Kaka mmoja wa Moshi, anayepandisha watalii mlimani, aliniuliza swali ambalo wengi wanalo: "Dada, nimeuza kidogo juzi. Hapo nimepata faida au nimerudisha pesa yangu tu?" Nitatumia hesabu yake, takwimu nikiwa nimezisawazisha kidogo ili zisomeke kirahisi.

Alianza kwa kununua USDT 1,000 kwa P2P kwa shilingi 2,600,000, na ada ya kutuma pesa kwa simu ikamla 10,000. Kwa hiyo USDT 1 ilimgharimu 2,610, wala si 2,600. Siku hiyohiyo, kwenye Soko A, alibadilisha USDT 900 akapata ETH 0.3, soko likakata ada yake ya asilimia 0.1 humohumo, zikabaki 0.2997. Gharama ya hizo ETH ni 900 mara 2,610, yaani shilingi 2,349,000.

Kisha akazihamishia kwenye pochi yake. Ada ya kutoa ilikuwa ETH 0.0007, zikafika 0.2990. Hapa ndipo majedwali mengi yanapovurugika, kwa sababu mtu huandika kutoka kwa Soko A kama mauzo na kuingia kwenye pochi kama ununuzi mpya kwa bei ya siku hiyo. Gunia la mahindi ukilitoa stoo ya Kilombero ukalipeleka Njiro, hujauza kitu. Umelipa nauli tu. Hali kadhalika hapa: shilingi 2,349,000 zinabaki vilevile, ila sasa zimebebwa na sarafu pungufu kidogo. Ukiandika mauzo, utakuwa umejitengenezea faida au hasara ambayo haikutokea, na gharama ya mbele yote itakuwa ya uongo.

Baadaye alinunua nyingine 0.2010 kwenye Soko B, kwa jumla ya shilingi 1,851,000 pamoja na ada zote. Mwisho akauza 0.1 hapohapo Soko B, akabaki na 950,000 baada ya ada.

Kila sarafu naipa karatasi yake ndani ya faili moja la Google Sheets. Safu A ni tarehe, B mahali, C tendo, D kitambulisho cha muamala, E kiasi cha sarafu, F shilingi. Kinachoingia kina alama ya kujumlisha, kinachotoka kina ya kutoa. Uhamisho unachukua mistari miwili na hauna shilingi kabisa. Ukiacha tarehe na vitambulisho, karatasi yake ya ETH ilikuwa hivi:

```
SOKO A   NUNUA     0.2997   2349000
SOKO A   HAMISHA  -0.2997
POCHI    HAMISHA   0.2990
SOKO B   NUNUA     0.2010   1851000
SOKO B   UZA      -0.1000    950000
```

Safu tatu zinazofuata zinajihesabu zenyewe. G ni salio la sarafu mahali pote kwa pamoja, H ni mtaji uliobaki ndani yake, na I ni faida uliyokwisha kuitia mkononi. Mstari wa 2 weka sifuri kwenye G na H, halafu mstari wa 3 andika hizi na uziburute hadi chini:

```
G3: =G2+E3
H3: =IF(C3="NUNUA",H2+F3,IF(C3="UZA",H2+E3*H2/G2,H2))
I3: =IF(C3="UZA",F3+E3*H2/G2,0)
```

Kabla ya kuuza, jedwali lake lilisoma ETH 0.5 zenye mtaji wa 4,200,000, yaani wastani wa 8,400,000 kwa ETH moja. Aliyouza ilikuwa 0.1, basi gharama yake ni 840,000 na faida ni 110,000. Salio likawa 0.4 lenye mtaji wa 3,360,000, na wastani haukubadilika, kwa kuwa kuuza hakugusi wastani. Ukiona wastani umeruka baada ya mauzo, kuna mstari umekosewa.

Soko B peke yake lingempa jibu lingine. Lenyewe linajua ule ununuzi wa bei ya juu tu, zaidi ya milioni 9.2 kwa ETH, kwa hiyo lingesema amepata kama 29,000. Ukifuata utaratibu wa kwanza kuingia, kwanza kutoka, unapata kama 164,000, kwa kuwa zinahesabiwa zile za bei ya chini kwanza. Wastani na kwanza-kuingia zote ni njia halali za hesabu, lakini chagua moja na uishike mwaka mzima. Kuzichanganya ndiko kunakoharibu vitabu. Mimi napendelea wastani kwa mtu mwenye sehemu nyingi, kwa sababu hulazimiki kujua ni punje ipi hasa iliyouzwa.

USDT nayo ina karatasi yake. Kubadilisha USDT kuwa ETH ni kuuza upande mmoja na kununua upande wa pili, kwa shilingi ileile ya siku hiyo. Kwa huyu kaka faida ya upande wa USDT ilikuwa sifuri kwa sababu alinunua na kubadilisha siku moja. Angekaa nazo miezi, shilingi ikapanda au kushuka, tofauti ingeonekana hapo. Ada inayokatwa kwa sarafu ya tatu, mfano BNB, nayo ina mstari wake kwenye karatasi ya BNB.

Kila mwisho wa wiki linganisha jedwali na kinachoonekana kwenye simu, mahali kwa mahali:

```
=SUMIF(B:B,"POCHI",E:E)
```

Kwake inatoa 0.2990 kwa pochi, 0.1010 kwa Soko B na sifuri kwa Soko A. Tofauti ndogo inayofanana na ada ya kutoa ina maana umeandika kilichotoka lakini ukasahau kuwa kilifika pungufu. Tofauti inayolingana na muamala mzima ina maana umeuandika mara mbili au hukuuandika. Hapo safu ya kitambulisho ndiyo inakuokoa. Angalia pia saa. Mafaili ya masoko mengi hutumia saa ya UTC, iliyo nyuma ya yetu kwa saa tatu, kwa hiyo muamala wa saa saba usiku utaonekana wa jana yake. Ukichanganya saa hizo na za kwetu, mauzo yanaweza kukaa juu ya ununuzi wake, na fomula ikagawa kwa sifuri.

Kuhusu kodi, Sheria ya Fedha ya 2024 iliweka zuio la asilimia 3 kwenye malipo ya kuhamisha mali za kidijitali. Linakokotolewa kwenye malipo, si kwenye faida, hivyo hata ukiuza kwa hasara linaweza kukatwa. Jukwaa likikukata, usilipunguze kwenye safu F kana kwamba ni ada ya soko. Liwekee safu J na utunze risiti yake.